Umebadili rangi ya bango? Pima maandishi kabla hujatuma

Jamani hii ilinitoa jasho so naiandika yote kama ilivyokuwa. Nilitengeneza bango la kambi ya upimaji macho bure, nyuma bluu iliyokolea, kichwa cha habari cheupe, namba za simu njano, na chini kabisa kwa herufi ndogo maelezo ya mahali na muda. Likatoka safi. Siku mbili kabla ya kuchapa akaongezeka mfadhili, rangi yake orenji, mratibu akanipigia "kaka, hiyo bluu igeuze tu iwe orenji yao, vingine acha hivyohivyo". Kazi ya dakika tano, nikageuza nikatuma. Kwenye laptop yangu lilikuwa linawaka kweli, mtu mzima nikajisifu.

Kesho yake nikampelekea bibi wa nyumba ya jirani karatasi moja, maana ana mtoto wa jicho na nilijua hiyo kambi inamhusu. Akaishika, akaisogeza, akairudisha karibu na pua, akaniambia "mjukuu wangu, hapa chini mmeandika nini, mie naona rangi tu". Yaani bango la wenye macho mabovu, na wenye macho mabovu ndio hawalisomi.

Tokea hapo kila nikibadili rangi kwenye kitu chochote chenye maandishi napita hatua hizi. Nitatumia bango hilohilo kama mfano mpaka mwisho, na namba zake ni za kweli unaweza kuzijaribu mwenyewe.

Kwanza elewa kilichoharibika

Watu wengi tunadhani ukibadili rangi umebadili rangi tu, kumbe umebadili na mwangaza. Jicho halizichukulii rangi zote sawa. Kwenye skrini mwanga unatoka kwa nyekundu, kijani na bluu, na zikiwa zote zimewaka mpaka mwisho kijani peke yake inabeba kama asilimia 72 ya mwangaza tunaouona, nyekundu kama 21, bluu inabaki na 7 tu. Ndio maana njano kamili, ambayo ni nyekundu na kijani zimewaka pamoja, ina mwangaza karibu mara 13 ya bluu kamili. Lakini ukifungua kile kitelezi cha kuzungusha rangi kwenye programu ya picha, njano na bluu zimewekwa kama vile ziko ngazi moja, unatoka hii unaingia ile bila programu kukuambia kitu.

Sasa herufi nyeupe juu ya bluu inasomeka kwa sababu nyuma ni giza. Ukibadilisha bluu kuwa orenji, herufi ni zilezile nyeupe, ila nyuma imepanda mwangaza imezisogelea. Wewe mwenye macho mazima bado unaziona kwa sababu orenji na nyeupe ni rangi tofauti na kingo zake kwako ni kali. Mwenye mtoto wa jicho lenzi yake imeingia ukungu, mwanga unasambaa humo ndani, ni kama kuendesha gari kioo kimejaa vumbi halafu jua liko mbele yako. Kinachomfikia ni tofauti ya giza na mwanga, na hiyo ndio uliyoipunguza.

Hatua ya 1: orodhesha kila maandishi na kilicho nyuma yake

Usipime "bango". Bango halipimwi, inapimwa jozi, yaani rangi ya herufi na rangi iliyo nyuma ya herufi hizo hapo zilipo. Chukua karatasi au fungua notipadi uandike zote. Kwangu zilikuwa tatu: kichwa cheupe juu ya orenji, namba za simu njano juu ya orenji, maelezo ya mahali juu ya orenji. Nembo za wafadhili nazo zina maandishi lakini hizo hazihesabiki, vigezo vya kimataifa vya ufikivu vinaziacha nje, na hata ungetaka huna ruhusa ya kuzigusa.

Hapa ndio watu wanapoteleza. Wanapima kichwa cha habari kwa sababu ndio kikubwa kinaonekana, kinapita, wanafunga faili. Kile kimstari cha chini chenye ukumbi na saa hakuna aliyekiangalia, na ndicho mtu anachokihitaji ili afike.

Hatua ya 2: chukua namba za rangi kutoka kwenye picha iliyokamilika

Usichukue namba ya rangi kwenye faili ya kazi, toa picha kwanza, PNG, halafu uichukue humo. Sababu yake ni hii: maandishi yangu ya chini kwenye faili yalikuwa yameandikwa #FFFFFF, nyeupe kabisa, ila nilikuwa nimeyapunguza uzito mpaka asilimia 80 ili yasishindane na kichwa. Kwa hiyo yanapitisha asilimia 20 ya rangi ya nyuma. Juu ya bluu yalikuwa yanatoka kama #CFDAEC, bluu iliyopauka. Juu ya orenji yakawa #FDE5CC, kama chai ya maziwa iliyozidi maziwa. Faili bado inasema nyeupe, wala haikuongopei, ila haisemi kinachoonekana.

Kwenye hiyo PNG tumia kile kitone cha kunyonya rangi, karibu kila programu inacho, kwenye GIMP bonyeza herufi `O`. Vuta karibu mpaka uone vijisanduku, halafu bonyeza katikati ya mkono wa herufi, kwenye unene wake. Ukibonyeza ukingoni unapata rangi ya mchanganyiko, maana kompyuta inalainisha kingo kwa kuchanganya herufi na nyuma, na kipimo chako kitatoka kibovu kuliko ukweli. Fonti ikiwa nyembamba sana mpaka hupati hata kijisanduku kimoja chenye rangi kamili, basi hilo lenyewe ni jibu, hiyo fonti ni nyembamba mno kwa mzee, nenepesha.

Hatua ya 3: pima

Njia rahisi ni ukurasa wa WebAIM, `webaim.org/resources/contrastchecker`, unabandika namba mbili unapata uwiano wa mwangaza wa hizo rangi mbili hapohapo. Kama hutaki kuandika namba kuna programu ya bure inaitwa Colour Contrast Analyser, ya Windows na Mac, yenyewe ina kitone cha kunyonya rangi popote kwenye skrini, nzuri sana ukiwa unapima vitu vingi. Na kama bando limekata na una Python kwenye mashine, hii inatosha:

```python
def mwanga(h):
    v = [int(h[i:i+2], 16) / 255 for i in (0, 2, 4)]
    v = [c/12.92 if c <= 0.04045 else ((c+0.055)/1.055)**2.4
         for c in v]
    return 0.2126*v[0] + 0.7152*v[1] + 0.0722*v[2]

def uwiano(a, b):
    x, y = sorted([mwanga(a), mwanga(b)], reverse=True)
    return (x + 0.05) / (y + 0.05)

print(round(uwiano("FFFFFF", "F57C00"), 2))
```

Hiyo ya mwisho ni nyeupe juu ya orenji ya mfadhili. Jibu linaanzia 1, ambayo ni rangi moja juu ya yenyewe, hadi 21 ambayo ni nyeusi juu ya nyeupe.

Haya ndio yalinitoka. Bango la bluu (#0D47A1): kichwa cheupe 8.63, namba za njano 7.07, maelezo ya chini 6.12. Bango la orenji (#F57C00): kichwa 2.70, namba za njano 2.21, maelezo ya chini 2.22. Soma tena hizo mbili za mwisho. Namba ya simu ya kupiga na mahali pa kwenda, vyote viko mbili na ushee. Bibi hakukosea hata kidogo.

Hatua ya 4: unalinganisha na nini

Vigezo vinavyotumika duniani ni vya WCAG, vinatolewa na W3C, hao wanaosimamia viwango vya wavuti. Herufi za kawaida zifike 4.5, herufi kubwa zifike 3. Hicho ndio kiwango cha kati. Kiwango cha juu ni 7 kwa za kawaida na 4.5 kwa kubwa.

Namba hizo hazikutoka hewani. 4.5 iliwekwa ikimfikiria mtu mwenye uoni wa 20/40, yaani anaona akiwa futi 20 kile ambacho mwenye macho mazima anakiona futi 40, na W3C wenyewe wanaeleza ndio uoni wa kawaida wa mzee wa miaka kama 80. 7 iliwekwa kwa mwenye 20/80. Kwa hiyo bango la kambi ya macho ukisema 4.5 inatosha unakuwa umejipunja, wanaokuja pale wengi wako chini ya hapo, mimi nilijipangia 7 kwa kila kitu kidogo. Bango la harusi au la muziki 4.5 sawa.

Na usikadirie juu. 4.48 sio 4.5. Kuna kijivu maarufu #777777 watu wanakipenda sana kwa maandishi madogo kwenye nyeupe, kinatoa 4.48, kimeanguka, shuka kidogo tu mpaka #767676 unapata 4.54. Nyekundu kamili juu ya nyeupe nayo ambayo kila mtu anaiona kali, inafika 4 tu.

Sasa "herufi kubwa" ni ipi? Ni kuanzia pointi 18, au pointi 14 zikiwa nene, ambayo kwenye skrini ni kama pikseli 24 na 18.7. Ila hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui. Hizo ni pikseli za pale msomaji anapolitazama, sio za kwenye faili lako. Bango lako lina upana wa pikseli 1080, simu nyingi za Android upana wa skrini zinauhesabu kama 360. Gawanya kwa 3. Herufi uliyoandika 30 na ukaona kubwa, kwenye simu ni 10. Kwa hiyo ili useme "hii ni kubwa, napimia kwa 3" lazima iwe 72 kwenye bango, au 56 ikiwa nene. Kichwa changu kilikuwa 110, sawa, kikubwa. Namba za simu zilikuwa 60 nene, zimepenya kidogo. Maelezo ya chini yalikuwa 30. Yaani nilikuwa nimempa mzee herufi za 10 zenye uwiano wa 2.22, hapo hata kijana angelalamika akiwa juani.

Hatua ya 5: rekebisha

Una njia tatu: badili herufi, badili nyuma, au ingiza kitu katikati. Nilizijaribu zote so nawapa mlolongo.

Nilianza na kukoleza nyuma. Kwenye WebAIM chini ya kila rangi kuna kitelezi cha mwangaza, unakivuta huku namba inapanda unaiona. Nikashuka hadi #BF360C. Kichwa cheupe 5.60, namba za njano 4.59, zimepita za kawaida. Maelezo ya chini 4.1 yameanguka, kwa sababu ya ile asilimia 80, nikaiondoa yakawa nyeupe kamili nayo yakafika 5.60. Ile 7 niliyojipangia haikufika, ila nikafurahi nikatuma kwa mratibu. Jibu likarudi "kaka mfadhili anasema hiyo sio orenji yake, hayo ni matofali". Na kweli, ukiangalia ni matofali. Orenji ukiikoleza vya kutosha ibebe herufi nyeupe inaacha kuwa orenji, hiyo hutaikwepa, njano ndio mbaya zaidi kwa sababu inageuka kama haradali iliyolala. Bluu, zambarau na kijani zinakubali kukolezwa na bado watu wakaziita jina lilelile.

Kwa hiyo nikarudisha orenji yao halisi nikageuza herufi. Nyeusi juu ya #F57C00 inatoa 7.77, imevuka hata ile 7. Lakini bango lilikuwa linafanana na alama ya hatari barabarani, nikatafuta kahawia nzito #3E2723, hiyo inatoa 5.11. Kwa kichwa cha habari ambacho ni kikubwa 5.11 inavuka kiwango cha juu kabisa, hakuna shida. Kwa maelezo madogo haifiki 7 niliyojipangia.

Ndio nikaingia njia ya tatu. Chini ya bango nikaweka mkanda wa kahawia ileile, upana mzima, na humo ndani nikaweka namba za simu na mahali na saa, vyote vyeupe. Nyeupe juu ya hiyo kahawia ni 13.8. Njano nikaiacha kabisa, kazi yake ilikuwa kuzitofautisha namba na maneno mengine, na sasa mkanda unafanya hiyo kazi. Maelezo nikayapandisha kutoka 30 hadi 48, yaani 16 kwenye simu. Ikabidi nipunguze maneno, "Karibuni wote mnaohitaji huduma ya uchunguzi wa awali wa macho" ikawa "Kupima macho bure", na wala hakuna aliyeulizia yale mengine yameenda wapi.

Mfadhili akaona orenji yake nusu bango, akaridhika.

Watu wengine wanakimbilia kuzungushia herufi kimstari au kivuli. Inasaidia ikiwa huo mstari ni mzito na wenyewe una uwiano mzuri na herufi, hapo unapima herufi na mstari. Ila kivuli laini kile cha kufifia hakihesabiki, kwa mwenye ukungu machoni kinamwongezea ukungu mwingine.

Hatua ya 6: kama nyuma sio rangi moja

Rangi inayobadilika taratibu kutoka juu kwenda chini ni mtihani. Chukua mfano huu: juu orenji ya mfadhili, chini yale matofali, unaona inapendeza kama machweo. Herufi nyeupe juu zinapata 2.70 na chini 5.60. Sawa weka kahawia basi, juu zinapata 5.11 na chini 2.47. Hakuna herufi moja itakayopita pote kati ya hizo mbili. Kanuni ni kupima mahali pabaya zaidi ambapo herufi inagusa, sio katikati, na pakianguka unafupisha mabadiliko hayo ya rangi au unapanga maandishi yakae upande mmoja tu.

Picha nyuma ni hivyohivyo. Ukiipaka picha rangi ya orenji kwa juu, yale maeneo yaliyokuwa meupe kama shati au mawingu yanabaki yanang'aa kuliko kwingine. Nyonya rangi pale panapong'aa zaidi chini ya herufi nyeupe, au pale penye giza zaidi chini ya herufi nyeusi. Ikianguka weka mkanda. Mimi sasa hivi picha yoyote naweka mkanda tu, nimechoka kubahatisha.

Hatua ya 7: jaribu kwa macho, maana namba nazo zina mipaka yake

Ile fomula huwa inazipa rangi mbili za giza alama nyingi kuliko zinavyostahili, unaweza kukuta jozi ya giza kwa giza imevuka 4.5 na bado inasumbua. Na haijui fonti yako ni nyembamba au imejipinda kama ya kadi za harusi. So baada ya namba nafanya majaribio haya, yote ni dakika kumi.

Geuza picha iwe kijivu. Kwenye GIMP nenda `Colors > Desaturate > Desaturate...` na kwenye `Mode` uchague `Luminance`, usichague `Lightness (HSL)`, hiyo ya pili inarudia uongo uleule wa kusema njano na bluu ziko ngazi moja. Kijivu kinakuonyesha mwangaza mtupu bila rangi. Pia ndio picha ya kitakachotokea bango lako likipigwa fotokopi nyeusi na nyeupe, na mabango ya kambi hizi yanafikaga kwenye mbao za matangazo za zahanati na misikitini na makanisani kwa fotokopi, hakuna anayechapa rangi nakala mia. Lile bango langu la kwanza la orenji fotokopi yake ilikuwa kijivu juu ya kijivu, namba za simu zimekufa.

Pili, lipunguze liwe ukubwa wa simu halafu ulitie ukungu. Kwa ImageMagick ni mstari mmoja:

```
magick bango.png -resize 360x -colorspace Gray -blur 0x1 jaribio.png
```

Fungua hiyo `jaribio.png` kwa ukubwa wake halisi, usiikuze. Hiki sio kipimo cha hospitali, hakuna anayeona hivyo hasa, ila ni kipima joto kizuri cha kulinganisha: toa jaribio la bango la zamani na la jipya uyaweke sambamba. Kama la bluu bado unasoma saa na mahali, na la orenji huoni, umeshajua. La mwisho langu lile lenye mkanda lilisomeka kuliko hata la bluu.

Tatu, litume kwenye simu yako mwenyewe kwa WhatsApp, upunguze mwanga wa skrini mpaka nusu, utoke nje saa saba mchana. Jua likipiga kioo linaongeza mwanga uleule juu ya herufi na juu ya nyuma, tofauti yao inajibana. Kwenye fomula ile 0.05 inayojumlishwa juu na chini ni kwa ajili ya hilo, mwanga wa mazingira, ila ni mwanga wa mtu aliyekaa ndani, sio wa stendi ya daladala mchana.

Kuituma kwa WhatsApp kuna faida nyingine. Picha inabanwa, na JPEG mara nyingi inatunza rangi kwa vijisanduku vichache kuliko inavyotunza mwangaza. Maandishi yanayotofautiana na nyuma yake kwa rangi tu, mfano nyekundu juu ya kijani zenye mwangaza karibu sawa, yanatoka yamechuruzika kama wino umelowa. Yanayotofautiana kwa mwangaza yanabaki na kingo zake. Kwa hiyo ukiona kwenye simu yamechuruzika na kwenye laptop yalikuwa sawa, rudi hatua ya 3, karibu kila mara uwiano wake utaukuta mdogo.

Nne, mpe mtu mzima mwenye macho yanayomsumbua. Usimuulize "unaona?" kwa sababu atakujibu naona mwanangu, hataki kukuangusha. Muulize "Bibi, hapo wanasema ni saa ngapi?" Kisha nyamaza, usimwoneshe kwa kidole. Bibi wa jirani nilimpelekea toleo la mwisho nikaanza na shikamoo, nikamuuliza hivyo, akasema "marahaba, saa mbili asubuhi, na umeandika mtu asije na njaa?" Sikuwa nimeandika. Nikajua anasoma kweli.

Hatua ya 8: kabla ya kutuma

Angalia kama kuna nakala nyingine za bango hilohilo zenye rangi ya zamani au ya katikati, ile ya mraba ya Instagram na ile ndefu ya stetasi. Ukibadili rangi kwenye moja mara nyingi zile nyingine umezibadili kwa haraka bila kupima, na mkanda unasahaulika. Pima zote, jozi zilezile.

Na chini ya picha unapoituma, andika namba ya simu, mahali, tarehe na saa kama maandishi ya kawaida. Mtu aliyekuza herufi za simu yake mpaka mwisho, picha yako haikui pamoja nazo, ila hayo maandishi yanakua. Na anayetumia simu inayomsomea kwa sauti picha haimpi uhakika, maandishi yatasomwa yote. Mimi siku hizi nayaandika hayo kwanza kabla sijafungua programu ya kuchora, halafu mratibu namtumia vyote viwili kwa pamoja nikimwambia avisambaze hivyohivyo, asikate.

Namba za rangi za mwisho nazo ziandike mahali, zangu nimezihifadhi kwenye jina la faili kabisa: `bango_F57C00_3E2723_5.11.png`. Mfadhili akija na rangi nyingine mwakani najua naanzia wapi.